Kikundi: Kisima cha Wakfu, Lamu

Mwanaisha, saa 1:12 asubuhi
Asalaam aleikum majirani. Jana fundi Shee alishuka kisimani, akachora ardhi ilivyo kuanzia kisima hadi choo cha nyuma. Tizameni, kila mtu aseme lake kabla ya magharibi. Masika yaja.
[Picha]

Mwanaisha, saa 3:40
Mumesoma wote. Mbona kimya?

Kassim, saa 3:52
Nimeona ule mshale mwekundu nikadhani ni ramani ya hazina 😂

Mwanaisha
Kassim, watoto wa nyumbani kwako waliharisha masika yaliyopita. Acha mzaha.

Athman, saa 4:15
Choo ni changu, nitasema. Hadi kisimani ni mita 12, na mchanga wa Lamu huchuja kila kitu. Marehemu baba alikunywa mai hayo maisha yake yote. Na kabla hamjanishika mimi, semeni zile pesa za mfuniko zilikwenda wapi.

Mwanaisha
Ya mfuniko yalikwisha.

Athman
Kwako yalikwisha.

Fundi Shee, saa 4:31
Bwana Athman, la mchanga hukukosea. Mchanga mwembamba ulio mkavu hukamata vijidudu vingi, kwa kuwa maji hushuka polepole. Lakini kwenye mchoro utaona mchanga unaishia mita 2. Chini yake ni jiwe la matumbawe, na ndani ya kisima nimeona mianya inayoingia ngumi yangu. Maji yakifika hapo hayachujwi tena, hupita kama kwenye paipu. Shimo lako lina mita 3, kwa hivyo mita nzima imo ndani ya jiwe.

Athman
Nilipochimba lilikuwa kavu kabisa.

Fundi Shee
Ulichimba kiangazi. Leo maji ya kisima yako mita 3.8 kutoka juu, nimepima kwa kamba na jiwe. Lakini ukutani kuna mstari wa ukungu wa kijani kwenye mita 2.9, na hapo ndipo yanapofika masika. Midomo ya choo na kisima iko sawa, nimelinganisha kwa mpira wa maji. Basi sasa kitako cha shimo kiko sentimita 80 juu ya maji. Masika kinazama sentimita 10.

Swabra, saa 5:20
Hata kisima changu kimeharibika jamani! Tangu niweke pampu maji yana chumvi. Hicho nacho ni choo cha nani?

Kassim
Bi Swabra fuga pweza humo 😂😂

Fundi Shee
Si choo, Bi Swabra. Maji matamu ya kisiwa yanaelea juu ya yale ya bahari. Ukivuta kwa nguvu, ya chini hupanda. Vuta kidogo kidogo, upumzishe.

Rukia, saa 6:02
Mimi huchemsha. Yaishe.

Fundi Shee
Endelea kuchemsha, vijidudu hufa. Ila naitreti inayotokana na mkojo haitoki kwa moto, tena maji yakipungua sufuriani yenyewe huzidi. Mtoto mchanga usimkorogee maziwa kwa maji hayo.

Mwanaisha, saa 6:10
Basi Athman alifukie shimo, achimbe mita 30 kutoka kisimani kama watu wa afya wanavyotaka.

Athman
Mita 30 ni sebuleni kwako, Mwanaisha. Nije nichimbe?

Fundi Shee, saa 6:44
Nafasi hana, kweli. Ainue choo. Kati ya kitako cha shimo na maji ya masika tubakishe mita moja na nusu ya ardhi kavu. Ukitoa hiyo kwenye 2.9, shimo lisizidi mita 1.4, na hapo halijagusa jiwe. Nafasi iliyopotea tuipate juu, kwa kujenga mita moja ya ukuta uliopigwa lipu ndani usivuje. Litajaa mapema. Na umbali bado ni mdogo, siwezi kusema kisima kitakuwa salama. Mshale nimeuchora kuelekea baharini kwa sababu kwa kawaida maji huenda huko. Kuhakikisha, lazima nipime na visima viwili vingine siku moja. Cha Bi Swabra kimojawapo.

Swabra
Upime na pampu yangu basi.

Bibi Zena, saa 10:05 jioni
Ni mimi Aziza, Bibi amesema niwaandikie. "Kisima hicho alitimba babu yangu, na choo hakikuwapo. Athman, ulipochimba nilinyamaza kwa kuwa mlikuwa msibani. Kuanzia leo mai ya kisimani ni ya kufulia na kuoshea. Ya kunywa tekeni kwenye birika langu hadi Shee amalize. Habari ya pesa za mfuniko ninayo mimi. Waitakao waje waniulize nimekaa."

Athman, saa 2:48 usiku
Sawa Bibi. Mawe ninayo. Simiti na fundi ni juu ya nani?

Omari, saa 12:20 asubuhi
Samahanini, nilikuwa baharini. Picha haifunguki kwangu. Mumekubaliana nini?

Mwanaisha, saa 12:31
Omari, mawe Athman. Simiti bado. Bi Swabra, twaja kupima saa kumi, umesoma?