Mteja akisema "nipe dawa ya malaria", umuulize vipi?

Duka_Kawempe: Nina duka la dawa na mhudumu mpya anaanza Jumatatu. Nataka kubandika ukutani maswali ya kumuuliza mteja anayekuja na ombi nusunusu, kama lile la "nipe dawa ya malaria". Mshirika wangu anataka yawe ya ndiyo na hapana tupu, ili foleni isogee. Mimi naona mteja aachwe aeleze mwenyewe. Nani yuko sawa?

Afande_Mstaafu: Mshirika wako. Nimesimama vizuizini miaka mingi. Ukimwambia mtu "hebu nieleze", atakuanzia na ndoa ya shangazi yake. Uliza, ajibu, apite. Halafu watu wa kijijini hawajui kujieleza, usipowashika mkono mtakesha.

Binti_Arua: Afande, heshima yako, lakini hao watu wa kijijini unaowasema ndio mama zetu. Mama yangu anajua siku na saa mtoto alipoanza kuchemka, anajua alikula nini na alilala upande gani. Asiyejua ni yule anayemkatiza.

Mzee_Bombo: Mimi swali langu ni moja: kwa nini mnauza dawa ya malaria bila kupima? Serikali imesema pima kwanza, tibu baadaye. Mnajadili maswali wakati kosa ni dawa yenyewe.

Duka_Kawempe: Mzee, kipimo cha haraka tunacho na tunapima. Nauliza kuhusu maneno ya dirishani kabla ya kufika kwenye kipimo.

Mzee_Bombo: Hata hivyo.

Musawo_Tororo: Ngoja niingie, mimi kazi yangu ndiyo hii. Mnabishana kana kwamba ombi lina pengo la aina moja. Chukueni mama anayesema "nipe dawa ya malaria ya mtoto".

Jambo la kwanza usilolijua ni kwa nini anaiita malaria. Hapo huna hata orodha ya majibu yanayowezekana, kwa hiyo swali la ndiyo na hapana litarudisha kile ulichokitaja wewe tu. Ukitaja homa, atakupa homa. Sema "Mtoto yukoje? Ilianzaje?" halafu funga mdomo. Mmoja alinijibu hivi: "Anaendesha tangu juzi, leo asubuhi ndiyo mwili umekuwa wa moto." Ukiuliza "ana homa?" angesema ndiyo, na habari ya kuendesha ungeisikia akishaondoka, au usiisikie kabisa.

Lakini Duka, usifurahi mapema. Mama akimaliza kueleza, bado hujasikia dalili za hatari, kwa sababu yeye hajui kwamba ni dalili. Mtoto aliyelegea mgongoni, mama anaona amelala. Ndiyo maana mwongozo wa WHO na UNICEF wa magonjwa ya watoto unataka kila mtoto aulizwe yaleyale: Anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Hayo ni maswali funge, ya ndiyo na hapana, tena kwa makusudi. Muulizaji anajua anachokitafuta, mjibuji hajui kwamba kinatafutwa. Jibu moja baya hapo, hakuna kuuza kitu, mtoto anakwenda kituo cha afya.

Kisha uzito. Hapo usitake hadithi wala ndiyo, taka namba: "Ana kilo ngapi?" Na kama mizani ipo, usiulize, mpime. Mtoto wa kilo 14 anapata tembe moja ya mseto kila mara, wa kilo 15 anapata mbili. Ni mara mbili kwa siku kwa siku 3, kwa hiyo mmoja anaondoka na tembe 6, mwenzake na 12. Mhudumu anayesema "huyu bado mdogo, siyo?" ameshachagua pakiti kabla mama hajafungua mdomo.

Afande_Mstaafu: Kwa hiyo maswali funge yanafaa. Nilisema.

Binti_Arua: Amesema yanafaa baada ya mama kusikilizwa. Na bado hujafuta neno lako la watu wa kijijini.

Afande_Mstaafu: Sifuti. Ukiwauliza wanajibu "ndiyo, afande", "ndiyo, musawo", kwa kila kitu.

Binti_Arua: Ulikuwa na bunduki, mzee wangu. Hata mimi ningesema ndiyo.

Wakili_Mbale: Hapo Binti amegusa penyewe. Na ile "huyu bado mdogo, siyo?" ya Musawo inaitwa swali elekezi, na mahakamani kwetu huruhusiwi kumuuliza shahidi wako mwenyewe hivyo kama upande wa pili unapinga, isipokuwa hakimu akubali. Sheria ya Ushahidi iko wazi. Swali elekezi linapanda jibu. Lisionekane kwenye karatasi yako hata mara moja.

Mwanafunzi_Gulu: Wakili, mbona shahidi wa upande wa pili mnamhoji kwa elekezi matupu? "Ulikuwa umelewa, sivyo?"

Wakili_Mbale: Kumhoji wa upande wa pili kunaruhusiwa, maana yeye ana sababu ya kukataa. Hata wa kwako unaweza kumwongoza kwenye mambo ya utangulizi yasiyobishaniwa. Jina lake, anakoishi. "Wewe ni fulani wa Nkokonjeru, siyo?" Hakuna anayepinga, tunaokoa muda.

Musawo_Tororo: Jina ndilo usilopaswa kumwongoza mtu, Wakili! Labda kwenu. Kwetu simama kwenye dirisha la dawa uite "Nakato!" uone wanainuka wangapi. Kila nyumba yenye mapacha wa kike ina Babirye na Nakato. Ukimuuliza wa kwanza kufika "wewe ndiye Nakato wa dawa ya presha?", kachoka kukaa, amesikia jina lake, anasema ndiyo na kunyoosha mkono. Uliza "Majina yako kamili ni nani? Umezaliwa lini?" halafu wewe ndiye ulinganishe na karatasi. Shahidi wenu ameletwa peke yake kizimbani, wangu wako kumi na tano kwenye benchi.

Wakili_Mbale: Hilo sibishi.

Fundi_Owino: Nami niseme langu, ingawa si dawa. Ninashona gomesi, yale magauni ya heshima ya akina mama. Mteja anasema "nishonee gomesi nzuri", basi. Dawa yake ni kumpa machaguo, hakuna kuzunguka. Ya kwanjula, kumtambulisha mchumba nyumbani, au ya kanisani? Anachagua, tunaendelea.

Binti_Arua: Na kama si kwanjula wala kanisa?

Fundi_Owino: Hilo lipo. Kijana wangu aliuliza hivyohivyo, mama akasema "ya kanisani", tukatoa kitambaa kinachong'aa kama bati jipya. Kumbe ni ya msiba, na kweli wangepitia kanisani. Hakudanganya. Alichukua lililo karibu kati ya mawili aliyopewa.

Musawo_Tororo: Fundi umetoa mfano kunishinda. Swali la "hiki au kile" linafaa pale tu unapojua kwamba maana ni hizo mbili na hakuna ya tatu. "Dawa ya malaria, ya kutibu au ya kujikinga?" hapo ni salama kwa kiasi kikubwa, ingawa ningeongeza "au kuna jambo lingine?"

Mwanafunzi_Gulu: Hilo la mwisho kuna utafiti. Heritage na wenzake, Marekani, 2007. Madaktari wengine waliambiwa wamuulize mgonjwa "kuna jambo lingine ungependa tulizungumze leo?", wengine "una lolote lingine?" Kwa jibu yote mawili ni ya ndiyo na hapana. Lile la kwanza lilipunguza shida zilizoachwa bila kusemwa kwa asilimia 78 hivi, la pili halikuwa na tofauti na kutouliza. Kwa hiyo, Wakili, hata swali funge lina upande linaoegemea, na kuegemea kwingine kunasaidia.

Afande_Mstaafu: Marekani. Leteni ya Luwero.

Wakili_Mbale: Hata hivyo huko si kupanda jibu, ni kufungua mlango.

Musawo_Tororo: Basi kuna pale ambapo napanda kabisa. Mteja wa dawa za presha ukimuuliza "umemeza zote, siyo?" atasema ndiyo, nani anataka kugombezwa? Mimi nasema: "Wengi husahau. Wewe wiki hii umeruka mara ngapi?" Nimedhania kwamba ameruka. Nimeegemea upande ule mgumu kuukiri, ili kuukiri kusimgharimu kitu. Na mama wa mtoto simuulizi "hujampa kitu nyumbani?" Nauliza "ulimpa dawa gani kabla ya kuja?" Ndipo nasikia za jirani, vidonge viwili vilivyobaki vya mwaka jana, na majani.

Wakili_Mbale: Ningekupinga mahakamani. Mtu asiyeruka hata siku moja anaweza kutaja moja ili asionekane anajidai.

Musawo_Tororo: Inawezekana. Anayeongeza moja ananidhuru kidogo kuliko anayeficha tano. Lakini kwa mtu mwoga sana silitumii, hapo uko sawa.

Mzee_Bombo: Majani yana kosa gani?

Musawo_Tororo: Mzee, sijasema yana kosa. Nataka kujua tu.

Mzee_Bombo: Babu zetu waliishi na majani hayo. Leo kila mtu mwenye koti jeupe anayauliza kama polisi.

Binti_Arua: Nyanya yangu naye huficha majani kwa sababu ya sura ya mhudumu, si kwa sababu ya swali. Mnaandika karatasi nzuri, mnaweka nyuma yake msichana aliyenuna.

Afande_Mstaafu: Sasa nyanya anaficha, na mlisema wanajua kujieleza.

Binti_Arua: Anaeleza kwa anayemheshimu. Tutafika kesho na wewe.

Duka_Kawempe: Naomba turudi kidogo. Mpaka sasa nimeandika: kwanza "mtoto yukoje, ilianzaje?", kisha yale matatu ya hatari, kisha mizani, kisha "ulimpa dawa gani kabla ya kuja?" Mwisho, akishapewa dawa, "umeelewa?"

Musawo_Tororo: Hilo la mwisho ling'oe. Hakuna anayejibu sijaelewa mbele ya foleni. Mwongozo uleule wa watoto unalikataa. Mwambie "Nionyeshe utampaje leo jioni na kesho." Akisema dozi ya pili atampa kesho asubuhi, umeshagundua, maana ya pili hutolewa zikipita saa nane tangu ya kwanza. Na uliza "akiitapika kabla ya saa moja kupita, utafanya nini?" Anatakiwa arudie dozi, na wengi hawajui mpaka uulize.

Afande_Mstaafu: Maswali yote hayo, dakika ngapi?

Musawo_Tororo: Kwa mtoto asiye na hatari, dakika tatu nne, ukiacha kusubiri kipimo.

Afande_Mstaafu: Kwa foleni ya Kawempe jioni? Nakutakia heri.

Fundi_Owino: Nyabo wa duka, na akija mtoto wa miaka tisa ametumwa, noti mkononi, "mama kasema dawa ya malaria"? Huyo umuulize lipi?

Duka_Kawempe: Wanakuja kila siku hao.

Musawo_Tororo: Huyo hana unachokitafuta, uulize wazi au funge. Atakujibu chochote ili arudi na kichupa. Mpigie mama yake simu.

Duka_Kawempe: Kwa muda wa maongezi wa nani?