Mtoa mada mwenza wa mbali si pambo: jana nimeaibishwa, na kosa halikuwa langu

Binti Nyegezi:
Wakuu, naandika bado nikiwa na hasira. Jana mimi na mwenzangu tuliwasilisha matokeo ya ukaguzi wa visima 43. Yeye alikuwa ukumbini Dodoma, mimi ofisini Mwanza kwa Zoom. Dakika 20: kumi za mwanzo zake, kumi za mwisho zangu. Tulifanya mazoezi mara mbili, kila mtu kwake, yakaenda safi kabisa.

Ukumbini akapewa maiki ya ukumbi. Kumbe maiki ile inaenda kwenye spika kubwa na kuishia hapo! Mimi wa Zoom nilitegemea kijimaiki cha kompyuta iliyowekwa mezani, mbali na aliposimama. Nilimsikia kama mtu anayeongea ndani ya simtanki. Nikawa nabahatisha amefika wapi kwa kutazama slaidi.

Ikaja zamu yangu. Nasema "visima kumi na saba", kabla sijavuta pumzi sauti yangu inanirudia: "visima kumi na saba". Hebu ongea dakika kumi namna hiyo uone kama ulimi hautakwama. MC akatangaza kwamba mtandao wa mwenzetu wa Mwanza unasumbua. Mtandao wangu!

Fundi wao akabonyeza Mute kwenye kompyuta ya ukumbini. Mwangwi ukafa, nami nikawa kiziwi. Nimemaliza, kimya. Kumbe maswali matatu yameulizwa, na mwenzangu ndiye ameyajibu yote, likiwemo la sehemu yangu. Akasema visima 17 vimekauka. Havijakauka! Pampu ndizo zimekufa, maji yapo. Sasa "vimekauka" imeingia kwenye muhtasari wa kikao, na mtu akiusoma atatenga hela za kuchimba upya badala ya kununua pampu.

Mzee wa Bando:
Pole dada. Hapo ni mtandao tu. Achana na Wi-Fi, chomeka waya. Mimi tangu nichomeke waya sijawahi kulalamika.

Fundi Mikisa:
Mzee, waya ni jambo zuri, ila hapa sivyo. Mtandao ukiwa mbovu sauti hukatika au huwa kama ya roboti. Ukisikia sauti yako mwenyewe inakurudia, kosa mara nyingi liko upande wa pili. Sauti ya dada ilitoka kwenye spika kubwa, kijimaiki cha mezani kikaidaka, kikamrudishia. Zoom hujaribu kuufuta mwangwi, lakini spika za ukumbi zikiwa na nguvu vile inazidiwa.

Dawa iko kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti za ukumbi. Sauti ya Zoom iingie kwenye chaneli yake peke yake. Kisha chukua AUX moja, yaani njia ya pembeni ya kutolea sauti kwenye mikisa, pandisha humo maiki zote za ukumbini, na kwenye chaneli ya Zoom kitufe cha AUX hiyo kiwe sifuri. Waya wa AUX ndio uende kwenye kompyuta, na kwenye Zoom uchague huo kuwa maiki badala ya ile ya ndani. Hapo dada anasikia kila aliyeshika maiki isipokuwa yeye mwenyewe, na hakuna haja ya kumzima mtu. Ila usiuchomeke kwenye tundu la hedifoni, sauti itakwaruza au isiingie kabisa. Tafuta kile kiboksi cha USB cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, au mikisa yenye USB yake.

Mwalimu wa Zamu:
Sisi shuleni ilikuwa mluzi, masikio yalitaka kupasuka. Walimu watatu walijiunga kwa kompyuta zao chumba kimoja. Nasi tununue mikisa?

Fundi Mikisa:
Hapana mwalimu, usitumie hela. Mmoja tu abaki na sauti. Wengine wakiingia wasijiunge na sauti kabisa, maiki na spika zote. Ukizima maiki tu, spika zao bado zinasambaza mwangwi.

Mratibu:
Mimi huwa naandaa vikao hivi, nami nina la kusema. Ukumbi tunakodi kwa siku. Kuingia jana yake kufanya majaribio ni pesa nyingine, na hakuna bajeti inayokubali. Fundi anafika saa mbili na nusu, kikao saa tatu. Watoa mada wa mbali nao wajitahidi kusafiri.

Binti Nyegezi:
Ndugu Mratibu, kunisafirisha mimi na kulaza siku mbili ni bei gani ukilinganisha na waya mmoja na nusu saa ya fundi? Na hata hiyo nusu saa mngenipigia. Mwenzangu angesimama pale na maiki ya ukumbi mkononi, nami ningewaambia palepale kama namsikia. Hakuna aliyenipigia.

Fundi Mikisa:
Hapo yuko sahihi. Na anayeuliza swali bila maiki, hata mikisa haitamsaidia. Mtu wa mbali hamsikii.

Mzee wa Bando:
Na slaidi nani alikuwa anageuza?

Binti Nyegezi:
Yeye. Mimi nasema "inayofuata", yeye anageuza mbili. Ningeshea mimi, ya kwake ingekatika. Hilo sijui tutalitatuaje.

Barua ya kusahihisha muhtasari nimeituma leo asubuhi. Nimejibiwa kwamba muhtasari umeshasainiwa.