Tupeane uzoefu: simu yasema ina eafoni, na tundu ni tupu

Bi Leso wa Markiti

Assalam aleikum wadau. Nataka tukusanye visa vyetu hapa, maana mimi nimeteseka wiki tatu na sikujua ugonjwa wenyewe nauita nini.

Simu yangu ilikuwa ikiita vizuri tu. Napokea, nasema haloo, haloo, kimya. Mteja naye hanisikii. Nikibonyeza spika kubwa twasikizana, lakini basi kila mtu kwenye matatu anajua nadaiwa na nani na nauza doti kwa bei gani. Mteja wangu mmoja wa Kisauni alidhani namkatia simu makusudi, akachukua mzigo wa harusi kwa mtu mwingine. Doti arubaini.

Binti yangu ndiye aliyeona kialama cha eafoni pale juu karibu na saa. Mimi eafoni sina! Tukaizima simu na kuiwasha, kialama kikarudi kabla hata sijaingiza namba ya siri.

Jioni tukawasha tochi ya simu nyingine tukachungulia kwenye tundu. Chini kabisa kulikuwa na kitu kama kibonge cha pamba. Tukaizima simu, binti akachonga kijiti cha meno kikawa chembamba, akawa anakwangua ukutani na kuvuta nje, taratibu. Kilipotoka nikakiweka kwenye kiganja: nyuzi nyekundu, nyeusi na nyeupe zimesokotana na jasho, ngumu kama punje ya mtama. Rangi za leso yangu. Mimi simu huifunga kwenye pindo la leso siku nzima, tundu likiangalia chini. Kialama kikaondoka papo hapo.

Tafadhali wengine mtueleze yenu ilikuwaje, na ilirudi au haikurudi.

Dereva wa Tuktuk, Bamburi

Yangu ilikuwa jasho, mama. Simu naiweka mfuko wa shati, mchana wa kaskazi shati lote maji. Nikaifukia kwenye mchele siku mbili, ikapona. Ikirudi naingiza pini ya eafoni na kuitoa mara kama ishirini, inakaa sawa. Mchele unanyonya, jamani, usidharauliwe.

Fundi wa Majengo

Kaka, iliyokuponya ni siku mbili za kupumzika, si mchele. Ungeiweka juu ya meza mbele ya feni, tundu likiangalia chini, ingekauka mapema zaidi. Mchele una vumbi na wanga, na nimewahi kutoa kipande cha punje ndani ya tundu kwa kibanio. Na hiyo ya kuingiza na kutoa pini husaidia pale ambapo kisahani kimenata, lakini kama ndani kuna pamba, unaishindilia. Siku ya pili hata kijiti hakiifikii.

Simu inajuaje kuwa eafoni imeingia? Ndani ya tundu kuna visahani vya chuma vyembamba kama ukucha, na kimoja kazi yake ni kutoa habari tu. Jeki, yaani tundu lenyewe, ziko namna mbili. Namna ya kwanza, kisahani hicho kimegusana na mwenzake muda wote, na pini ikiingia inawatenganisha. Hapo kibonge kikavu kama cha Bi Leso kinatosha kudanganya, kwa sababu kinasukuma kama pini. Namna ya pili, visahani viwili vimeachana, na chuma cha pini ndicho kinachoviunganisha. Pamba kavu haipitishi umeme, kwa hiyo hapo haidhuru. Inayodanganya ni maji, au pamba iliyolowa jasho.

Ndiyo maana huwezi kuchukua dawa ya jirani ukaitia kwenye simu yako bila kuchungulia kwanza.

Bi Leso, kuhusu kutosikika: angalia tena kile kialama siku kikirudi. Kikiwa na kijimkono cha maiki, simu inaamini ina eafoni yenye maiki, kwa hiyo imezima spika ya sikioni na maiki yake pia. Kikiwa hakina, wewe husikii lakini mwenzako anakusikia. Na inaita kwa sababu mlio wa simu Android huupeleka kwenye spika hata eafoni ikiwa ndani. Wengi hudanganyika hapo, wanadhani spika ya sikioni imekufa, wanabadilishiwa spika nzima bure.

Mama Wawili, Tudor

Na mimi yangu inaandika kuna maji kwenye tundu la chaji na haikubali kuchaji. Nikwangue na kijiti vilevile? Simu yangu haina tundu la eafoni kabisa.

Fundi wa Majengo

Hiyo ni nyingine, dada. Chomoa waya, iache ikauke, na usikwangue: ule ulimi wa katikati ukivunjika, kuchaji ndiyo basi. Fungua uzi wake, tutakuja huko.

Nahodha wa Mtongwe

Wanangu, mimi yangu naona haimo katika hizo. Miezi miwili nyuma wimbi liliruka ndani ya chombo, simu ikalowa mfukoni. Nilianika juani, ikafanya kazi. Tangu siku hiyo, mchana ni nzima. Ikifika magharibi kialama kinawaka, na alfajiri kipo. Jua likipanda saa nne hivi, kinazima chenyewe. Nimechungulia, pamba hamna. Na jambo la pili ndilo linaloniudhi: usiku redio inajiwasha, au sauti inapanda mpaka mwisho, na mke wangu ana shinikizo la damu, hapendi kushtuliwa. Kijana mmoja mjini aliniambia simu imeingiliwa na virusi, akaifuta yote. Picha za wajukuu zimekwenda, na kialama kipo palepale.

Fundi wa Majengo

Pole sana mzee wangu, hasa kwa picha. Hapo hapakuwa na virusi. Ni chumvi.

Maji ya bahari yalikauka, chumvi ikabaki juu ya visahani. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika karibu asilimia 75, na ya bahari huanza hata kabla ya hapo. Mombasa usiku na alfajiri tunapita hapo kwa urahisi. Mchana joto likipanda unyevu hushuka, chumvi inakauka, haipitishi umeme tena. Simu yako inalowa kila magharibi bila kuguswa na maji.

Na redio kujiwasha ni ndugu ya hilo. Vitufe vya eafoni vinazungumza na simu kwa waya mmoja tu, ule wa maiki. Kwenye eafoni za Android, kitufe cha katikati kinaunganisha waya huo na ule wa ardhi moja kwa moja, cha kuongeza sauti kinauunganisha kupitia upinzani wa omu 240, cha kupunguza 470. Tone la maji ya chumvi likikaa hapo, upinzani wake unapanda na kushuka, na kila ukipita kwenye namba hizo simu inaona kidole.

Mwanafunzi, Nyali

Nathibitisha la fundi. Yangu niliitazama kwa kompyuta. Ukiwasha USB debugging kwenye simu na kuiunganisha kwa waya na kompyuta yenye programu ya adb, andika:

```
adb shell getevent -lt
```

Kisha tulia uangalie. Mimi niliona mstari wenye `SW_HEADPHONE_INSERT` ukiwa na `00000001`, baada ya sekunde tatu `00000000`, tena `00000001`, na simu iko mezani haijaguswa. Nikaelewa ni unyevu. Kama ingekuwa kibonge kimesukuma kisahani, nadhani ingekaa kwenye 1 bila kucheza.

Fundi wa Majengo

Mara nyingi ndivyo. Ila kisahani kilicholegea nacho hucheza, kwa hiyo usihukumu kwa hilo peke yake. Itikise simu kidogo uone kama mistari inafuata mkono wako.

Dereva wa Tuktuk, Bamburi

Basi nahodha amwagie spiriti ya duka la dawa, iishe.

Fundi wa Majengo

Hapo uko nusu njia, kaka. Spiriti inakausha maji na kuondoa uchafu wa jasho. Lakini chumvi haiyeyuki vizuri kwenye spiriti kali, ile ya mafundi ya asilimia 99. Utasafisha, itakauka, na chumvi itabaki. Ya duka la dawa ina maji ndani, lakini nyingine huongezwa mafuta, yanabaki kwenye visahani.

Mzee, fanya hivi. Zima simu kabisa. Nunua maji ya betri kituo cha mafuta, yale safi ya kuongezea, na uangalie sana usipewe asidi. Duka la dawa nunua kile kibrashi cha kupitisha katikati ya meno, chembamba, maana tundu lina upana wa milimita 3.5 tu. Usitumie pamba ya masikio, itaacha nyuzi. Chovya kibrashi, kikung'ute mpaka kisidondoshe, shika simu tundu likiangalia chini, ingiza na uzungushe. Hatuoshi simu, tunafuta chumvi. Suuza kibrashi, rudia mara nne au tano. Kisha chovya kwenye spiriti ya asilimia 99 ufanye hivyohivyo mara mbili, ndiyo inayofukuza maji yaliyobaki. Laza mbele ya feni usiku mzima kabla ya kuiwasha. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Na usiweke juani, betri haipendi.

Bi Leso wa Markiti

Fundi, sindano je? Jirani yangu alitumia sindano ya cherehani.

Fundi wa Majengo

Nimeletewa simu tatu za sindano mwaka huu. Visahani vilikuwa vimepinda. Kikishapinda hakuna kusafisha, ni kubadilisha jeki. Kwenye simu nyingi jeki iko kwenye ubao mdogo pamoja na tundu la chaji, unabadilishwa ubao kwa nusu saa. Nyingine imechomelewa kwenye ubao mkubwa, hapo muulize fundi kabla hajafungua.

Nahodha wa Mtongwe

Nimerudi, wanangu. Nilifanya kama nilivyoambiwa. Kibrashi cha kwanza kilitoka na kitu cha kijani, kama kutu ya shaba. Usiku tisa simu ilikaa kimya, nikapokea kwa sikio langu kama zamani. Usiku wa kumi mvua ilinyesha, kialama kikawaka tena kama saa moja, kikazima. Redio haijajiwasha tena.

Fundi wa Majengo

Kijani hicho ni shaba imeshaanza kuliwa, mzee. Yawezekana imebaki chumvi kidogo nyuma ya jeki ambako kibrashi hakifiki, au maji yalipenya mpaka kwenye ubao. Yote mawili huonekana vilevile kwa nje, lazima ifunguliwe. Nilishabadilisha jeki ya mtu mmoja na kialama kikabaki, kosa likawa kwenye ubao.

Mwanafunzi, Nyali

Fundi, kabla hujaifungua, hiyo jeki ikichomolewa kutoka kwenye ubao halafu simu iwashwe, kialama si kitatuambia kosa liko wapi?

Fundi wa Majengo

Kwa jeki ya namna ya pili, ndiyo. Kwa ya kwanza, kuichomoa ni sawa na kuingiza pini, kialama kitawaka hata ubao ukiwa mzima. Mzee, ya kwako sijui ni ipi mpaka niione. Njoo nayo Alhamisi asubuhi, mapema kabla jua halijapanda, ili tuikute kialama kikiwaka.