Tupeane uzoefu: ulinunua bondi ya serikali kupitia benki, ukakutana na nini?

Wanjiru_Kasarani: Leo nilikuwa benki mjini kupeleka pesa za chama, afisa akaniita kando. Anasema wana bondi ya miundombinu inayolipa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, haikatwi kodi, imebakisha miaka saba, na nikitaka naingia wiki hii hii. Nina laki sita za akiba na sijawahi kununua hata bili ya hazina. Waliopita njia hii, mlikutana na nini?

Mzee_Umoja2: Yangu ninayo tangu 2019. Kila miezi sita simu inalia, pesa imeingia. Serikali haifungi duka. Nunua, dada.

BabaAchieng: Nimesoma hili swali nikakumbuka Februari 2024.

Nilinunua ya miaka 15 mnamo Agosti 2021, ya laki nane, riba 13. Kila miezi sita ilikuwa elfu hamsini na mbili, wanakata kodi ya asilimia 10, inaingia 46,800. Nilikuwa naijua hiyo namba kama namba ya kitambulisho. Kisha mzee wangu akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi siku kumi na moja. Hospitali ikataka laki sita na nusu ndipo tumtoe. Nikakimbia benki nikawaambia, rudisheni pesa yangu. Yule binti wa kaunta akanitazama, akaniambia bondi hairudishwi, inauzwa, na lazima apatikane wa kuinunua.

Nilingoja siku sita. Siku ya saba wakaniita, jamaa akachukua karatasi, akaandika 79, akaizungushia duara. Nikamuuliza hii ni nini. Akasema ndiyo bei, shilingi 79 kwa kila mia. Laki nane yangu ikawa 632,000. Nilitia sahihi mkono ukitetemeka, na elfu kumi na nane zilizopungua nikaomba kwa shemeji. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba bei inashuka.

Shiru_Rongai: Pole sana baba Achieng. Mzee alipona?

BabaAchieng: Alipona, Mungu ni mwema. Yuko Siaya anachunga mbuzi.

Kijana_Hesabu: Pole, lakini hukupata hasara. Umelipwa riba mara tano, 46,800 mara tano ni 234,000. Ukijumlisha na 632,000 ni 866,000. Uliweka laki nane, ukatoka na zaidi.

BabaAchieng: Elfu sitini na sita kwa miaka miwili na nusu. Wewe nenda sokoni na unga wa 2021 kichwani uone kama ni faida.

Kijana_Hesabu: Nimesema si hasara, sijasema ni faida nzuri.

Shiru_Rongai: Jamani, mtu ameeleza alivyouguza babake, nyinyi mnabishana hesabu?

Mstaafu_Dawati: Nimefanya kazi dawati la hatifungani la benki miaka mingi, wacha niseme kidogo. Bei ya baba Achieng ilishuka kwa sababu mwanzoni mwa 2024 serikali yenyewe ilikuwa ikikopa kwa asilimia 16 hadi 18. Bondi ya miundombinu ya Februari hiyo ilitoka kwa 18.4607. Nani angenunua karatasi yako ya 13 kwa bei kamili wakati dirisha la pili wanatoa 18? Anayeishika hadi mwisho anarudishiwa mia yake yote. Anayetoka katikati anapewa bei ya siku hiyo. Na mzee wa Umoja yuko sawa kwamba riba inaingia, ila yeye hajawahi kulazimika kuuza.

Baba Achieng, hiyo bondi ungeweza kuiweka dhamana benki ukopeshwe, ikabaki yako.

BabaAchieng: Hilo ndilo naskia leo.

Mstaafu_Dawati: Sasa Wanjiru. Neno la kuuliza ni hilo la "wiki hii hii". Bondi za mnada hutangazwa na Benki Kuu kwa tarehe zake. Benki ikikuuzia wakati wowote, mara nyingi inakuuzia kutoka kwa zile inazomiliki yenyewe, kwa bei yake. Riba zimeshuka sana tangu 2024, kwa hiyo bondi ya 18 siku hizi haiuzwi mia. Rudi umuulize swali moja: bei ni ngapi kwa kila mia?

Njoro_Fundi: Mimi niliweka kwa sacco, gawio likaja mwezi wa tatu bila maneno mengi. Hizi bondi ni za matajiri.

Shiru_Rongai: Swali halikuwa la sacco, na siku hizi unaanza na elfu hamsini.

Wanjiru_Kasarani: Nimepiga simu. Amesema 118, "na juu yake riba iliyokusanyika". Sikuelewa hiyo ya pili nikaona haya kuuliza tena.

Mstaafu_Dawati: Usione haya, ni pesa yako. Tuseme unachukua bondi ya laki tano. Kwa bei ya 118 unatoa 590,000. Riba ni 18 ya laki tano, si ya ulichotoa, kwa hiyo ni 90,000 kwa mwaka. Ukigawanya kwa 590,000 inakuwa kama 15. Halafu mwisho unarudishiwa laki tano, ile elfu tisini ya juu hairudi, imeliwa kidogo kidogo ndani ya miaka saba. Ukiweka yote pamoja, mapato yako halisi ni asilimia 14 hivi. Bila kodi, si mbaya. Ila si 18.

Riba iliyokusanyika ni hii: kama tangu malipo ya mwisho imepita miezi mitatu, unamlipa muuzaji riba ya miezi hiyo, kama 22,500. Malipo ya kwanza yakija utapata 45,000, na nusu yake ni pesa yako mwenyewe inarudi. Wengi hufurahi wakadhani yote ni faida. Na ukijumlisha, 590,000 na 22,500 tayari umepita laki sita zako.

Wanjiru_Kasarani: Hakuna aliyeniambia hayo yote. Alisema tu 18.

Kijana_Hesabu: Basi achana na benki, fungua akaunti yako ya Benki Kuu, ile ya DhowCSD, kwenye simu, ungoje mnada, ulipe mia.

Mstaafu_Dawati: Akaunti ni sawa, afungue, bondi ikae kwa jina lake. Lakini mnadani si lazima iwe mia. Benki Kuu ikirudisha mnadani bondi ya zamani yenye riba kubwa, bei inapita mia huko pia.

Kioko_Mlolongo: Na ukishinda mnada usicheze na Jumatatu ya kulipa. Mimi niliagiza benki itume Ijumaa, wakatuma Jumanne. Bondi ikapotea, na nikazuiwa kuomba tena kwa muda. Siku hizi natuma mapema na ninadai risiti.

Mzee_Umoja2: Haya mambo ya bei mimi sikuyajua. Nitaangalia yangu nilinunua ngapi.

BabaAchieng: Wanjiru, hizo laki sita ndizo zote ulizonazo?

Wanjiru_Kasarani: Ndizo zote. Na mtoto anaingia gredi ya kumi Januari.

BabaAchieng: Basi usizifunge zote miaka saba, nakusihi. Weka za karo kando kwenye bili ya siku 91 au 182, ikomae kabla shule haijafungua.

Kijana_Hesabu: Bili zinalipa kidogo siku hizi, chini ya kumi, na wanakata kodi asilimia 15.

BabaAchieng: Kidogo kinachokuja siku ya karo.

Wanjiru_Kasarani: Nimemwambia afisa anitumie bei kwa barua pepe, na hesabu yote chini ya bei. Amesema bei inabadilika kila siku, nije kesho asubuhi. Nitakuja hapa kwanza.