Maonyesho ya sayansi: asajili choroko na chumvi au kichujio cha maji?

MamaTwaha: Wadau, habari za jioni. Shule ya binti yangu imetoa tangazo la maonyesho ya sayansi. Makundi ni matano: Baiolojia, Kemia, Fizikia, Mazingira na Uhandisi. Mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa saa 10 jioni, na ukishachagua kundi huruhusiwi kuhama. Binti ana mawazo mawili. La kwanza ni kuotesha choroko kwenye maji ya chumvi, aone chumvi inaathiri vipi uotaji. La pili ni kichujio cha maji ya tope, cha mchanga na mkaa. Asajili lipi?

FundiBomba: Kichujio, moja kwa moja. Jaji anaona maji machafu yanaingia juu na masafi yanatoka chini. Choroko atamwonyesha nini, vikombe vya mbegu?

Mwl_Kemia: Mama Twaha, kabla hatujaanza kuvutana: yuko kidato gani? Peke yake au kikundi? Maonyesho yenyewe lini? Na vigezo vya majaji vimeandikwaje, kila kimoja na alama zake? Bila hayo tunabahatisha tu.

MamaTwaha: Samahani mwalimu. Kidato cha pili, yuko peke yake, maonyesho ni wiki tano kuanzia sasa. Vigezo nanukuu tangazo: swali la utafiti 10, mpango wa kazi 15, utekelezaji na uchambuzi wa data 20, ubunifu 20, bango 10, mahojiano na jaji 25.

Mwl_Kemia: Ahsante. Angalia hapo: mahojiano peke yake yana alama nyingi kuliko kigezo kingine chochote. Kwa hiyo usiangalie kipi kinapendeza macho, angalia kipi binti ataweza kukitetea jaji akimuuliza "kwa nini ulifanya hivi na si vile?" Kingine: kwenye Uhandisi ataulizwa tatizo ni lipi, mahitaji yalikuwa yapi, na toleo la pili limeboresha nini kuliko la kwanza. Kichujio kimoja kilichojengwa mara moja na kuletwa mezani hakitoshi.

Chausiku_K: Mimi nakitaka hicho kichujio! Maji ya kwetu yana tope kila mvua ikinyesha. Binti akimaliza naomba vipimo nijenge cha nyumbani tuwe tunakunywa.

Mwl_Kemia: Dada Chausiku, usinywe kabla ya kuchemsha. Mchanga unaondoa tope, maji yanaonekana meupe, lakini vijidudu vinaweza kuwa bado vimo. Na hilo ndilo swali la kwanza jaji atakalomtupia binti: "Maji haya ni salama?" Akijibu ndiyo kwa sababu yameng'aa, amejiangusha. Ajibu kwamba alipima tope tu, na hakupima usalama wa kunywa.

BabaMapacha: Hapo kwenye vijidudu ngoja niwasimulie. Wanangu waliwahi kusajili mradi wa kuotesha bakteria kutoka vitasa vya milango. Walipaka kitambaa kwenye vitasa vya vyoo, vya darasa na vya ofisi, wakaotesha kwenye visahani nyumbani, picha zikapigwa kila siku. Kazi nzuri kabisa, bango limechapwa, mabaka ya rangi rangi yanaonekana. Siku ya maonyesho mkaguzi akafika mezani kabla ya majaji, akauliza barua ya kibali iko wapi. Kibali gani? Kumbe nyuma ya fomu, kwa maandishi madogo, ilisemwa kwamba kuotesha vijidudu visivyojulikana hakufanyiki nyumbani, na mradi wowote wa vijidudu, wanyama au watu uidhinishwe kabla ya kuanza. Shuleni hakuna aliyetuambia, na mwalimu msimamizi alikuwa ameshasaini. Visahani vikaondolewa, wakaruhusiwa kusimama na bango bila kupewa alama. Mmoja alilia hadi tukafika nyumbani. Kwa hiyo Mama Twaha, geuza hiyo fomu usome nyuma. Na akichagua kichujio, asije akashawishika kupima bakteria jikoni ili "kuongeza data".

MamaTwaha: Pole sana Baba Mapacha. Nimegeuza, kweli kuna kipengele cha idhini. Choroko na tope havimo.

Simba_wa_Data: Mimi nasema choroko, na nadharia tete iandikwe mapema. Bila nadharia tete mradi wowote unapata sifuri.

Mwl_Kemia: Kwa Baiolojia uko sahihi, ndugu. Kwenye Uhandisi majaji hutaka lengo la usanifu, mfano "kichujio kitoe lita moja ndani ya dakika kumi". Si kila kundi linadai nadharia tete.

Simba_wa_Data: Sawa, hilo nimelikubali. Ila kwa choroko ana wiki tano, anaweza kurudia jaribio mara kadhaa. Kichujio kikivuja wiki ya nne afanyeje?

FundiBomba: Kikivuja anaziba! Hiyo ndiyo kazi. Na kila kuvuja akaandika daftarini ndiyo uhandisi wenyewe.

Dr_Mbegu: Niingie kwenye choroko, maana ndiko ninakofanya kazi. Wengi wanaotumia chumvi huhesabu tu mbegu zilizoota. Choroko ni ngumu, kwenye chumvi kidogo zinaota karibu zote, na binti atabaki na grafu iliyolala. Apime urefu wa mzizi kwa milimita, hapo tofauti hujitokeza mapema. Aandae maji ya gramu 0, 2, 4, 6 na 8 za chumvi kwa lita. Kila kiwango kiwe na visahani vitatu, mbegu kumi kila kimoja. Na aangalie hili: mbegu thelathini kwenye kisahani kimoja si sawa na visahani vitatu, kwa sababu kimoja kikiwa karibu na dirisha au kikikauka, mbegu zote zinaathirika pamoja.

MamaTwaha: Na sufuri ni ya nini, daktari?

Dr_Mbegu: Maji bila chumvi, ndiyo ya kulinganishia. Zisipoota vizuri humo, tatizo ni mbegu zenyewe, chumvi haihusiki. Mbegu zote zitoke mfuko mmoja.

Simba_wa_Data: Sasa mwaka wenye ushindani, choroko na chumvi si mradi ambao kila mtu ameshauona? Alama 20 za ubunifu zitatoka wapi?

Dr_Mbegu: Abadilishe swali. Mche ulioanza kwenye chumvi ukihamishiwa maji safi baada ya siku tatu, mzizi unarudi kukua? Vifaa ni vilevile, swali ni lake.

FundiBomba: Bado nasimama na kichujio. Akilinganisha kina cha mchanga cha sentimita 10, 20 na 30, kila kimoja akikipima kwa bomba la kioo lenye alama ya msalaba chini, aone maji yafike urefu gani ndipo msalaba upotee, hiyo ni data ya kweli.

Mwl_Kemia: Wazo zuri, ila mchanga auoshe kwanza hadi maji ya kuoshea yawe meupe. Usipooshwa, maji ya mwanzo hutoka machafu kuliko yalivyoingia. Na mradi huo wa kulinganisha vina unakaa vizuri zaidi Mazingira kuliko Uhandisi.

FundiBomba: Mazingira? Amejenga kitu kwa mikono, ni Uhandisi huo!

Mwl_Kemia: Anajibu swali la kina na tope, hajatengeneza suluhisho la mtumiaji. Msimamizi wa maonyesho ndiye aulizwe kabla ya Ijumaa.

MamaTwaha: Nitampigia kesho asubuhi. Binti amesoma yote haya, anasema mzizi unaorudi kukua umemvutia, lakini kichujio hataki kukiacha. Dr, kisahani kikikauka katikati aongeze maji gani, ya chumvi au safi?

Dr_Mbegu: Maji safi. Yanayokauka ni maji, chumvi inabaki palepale, akiongeza ya chumvi kiwango kinapanda. Ila bora afunike visahani tangu mwanzo.

BabaMapacha: Daftari la kumbukumbu liandikwe kwa mkono au linakubalika la kuchapa? Kwetu walivutana hadi mwisho.