Tupeane uzoefu: Ndugu walielezwaje kwamba matibabu sasa ni ya kumpa mgonjwa nafuu tu?

Mwana wa Kwanza
Ndugu zangu, baba yetu ana saratani ya umio ambayo imekwisha kufika kwenye ini. Daktari alituambia tukiwa tumesimama kwenye korido kwamba hapo hawana la kufanya, tumrudishe nyumbani tukamtunze. Tangu siku hiyo baba mdogo anaamini kwamba tumefukuzwa kwa sababu fedha zimetuishia. Naomba waliowahi kueleza au kuelezwa jambo hili watusimulie maneno yaliyotumika.

Muuguzi wa Tiba Shufaa
Pole sana, ndugu yangu. Nitasimulia kikao kimoja kinachofanana na hali yenu. Mgonjwa alikuwa akimeza uji mwepesi kwa shida, na kila alipotundikiwa dawa ya saratani alidhoofika zaidi. Tulitafuta chumba chenye viti, tukasubiri mpaka kaka yake mkubwa afike, kwa kuwa ndiye ambaye ukoo wote ungemuuliza, kisha tukamwomba yeye aanze kutueleza mabadiliko aliyoyaona. Alipokwisha kusema, daktari akamjibu: "Mzee, uliyoyaona wewe ndiyo tuliyoyaona katika vipimo. Ugonjwa huu hatutaweza kuuponya, na dawa ya saratani sasa inamuumiza mgonjwa kuliko inavyomsaidia, kwa hiyo hiyo tunaisimamisha. Maumivu, kichefuchefu na shida ya kumeza tunaendelea kuvitibu, na tunaanza leo."

Baada ya hapo nilipima mofini ya maji mbele yao, nikaeleza kwamba hunywewa kila baada ya saa 4 hata kama maumivu hayajarudi, kwamba kipimo cha kabla ya kulala tulikiandika maradufu ili mgonjwa asilazimike kuamshwa usiku, na kwamba dawa ya kulainisha choo isiachwe. Waliondoka na tarehe ya kurudi kliniki na jina la muuguzi wao. Naamini hayo ndiyo yaliyomtuliza yule kaka, zaidi ya upole wa sauti zetu. Maneno "hatutaweza kuuponya" nayo ni lazima yatamkwe, kwa sababu yakifichwa, ndugu hurudi wakiulizia dripu inayofuata ya dawa ya saratani.

Binti wa Lindi
Mimi ningeomba mofini isitajwe kabisa katika kikao. Shangazi alipoanzishiwa tulijua kwamba ni dawa ya siku za mwisho, na nyumba nzima ikaanza kulia.

Muuguzi wa Tiba Shufaa
Hofu hiyo ni ya kweli, dada, na ndiyo sababu naitaja mapema. Dawa hii hutolewa kwa kufuata maumivu, na wapo wanaoitumia kwa miezi wakitembea na kwenda ibadani. Huanza kwa kipimo kidogo kinachopandishwa polepole. Usingizi wa siku za mwanzo kwa kawaida hupungua, lakini mgonjwa akizidi kusinzia hata asiamshike vizuri, au pumzi zikawa za taratibu mno, tupigiwe simu kabla ya kumpa kipimo kingine. Mwenye figo dhaifu huhitaji uangalizi zaidi, kwa kuwa dawa hukawia kutoka mwilini.

Mjomba Hamisi
Msikate tamaa, mpelekeni hospitali ya rufaa. Mama yangu alipata kiharusi, tukaambiwa hataamka, na leo anakaa na kula mwenyewe.

Mwana wa Kwanza
Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya mama, mjomba. Baba alikwisha kupelekwa huko, na jibu la vipimo lilikuwa lile lile.

Mlezi wa Mama
Nami niseme jambo linaloniuma. Sisi tulielezwa vizuri, kwa heshima, tukapewa na namba ya simu. Usiku mama alipobanwa na pumzi simu haikupokelewa, na hapo ndipo tulipojiona tumetupwa. Kabla ya kuondoka hospitalini, ulizeni nani hupokea simu usiku, na kituo gani cha karibu kina mofini ikiwaishia.

Mwana wa Kwanza
Asanteni. Baba mdogo amekubali kikao, ila kwa sharti kwamba baba mwenyewe asiambiwe.

Muuguzi wa Tiba Shufaa
Msibishane naye mbele ya watu. Sisi humuuliza mgonjwa: "Ungependa tukueleze wewe mwenyewe, au tuzungumze na nani kwa niaba yako?" Akimtaja mdogo wake, sharti limetimia kwa ridhaa yake, akitaka kujua, tunamweleza.

Binti wa Lindi
Hapo sikubaliani nawe, dada muuguzi. Mzee mwenye shamba na madeni anastahili kuambiwa hata kama hakuuliza, kwa maana shangazi aliondoka bila kutuagiza lolote, na mpaka leo tunagombania kiwanja.