Barua kwa kijana wa video: nimwandikie maelezo yote mwenyewe au nimtajie ya lazima tu?

duka_Mwanjelwa: Wakuu habarini. Nina duka hapa Mwanjelwa, kuna kijana wa hapa hapa Mbeya anatengeneza video na tumekubaliana anifanyie moja ya kulipiwa. Nataka nimpe barua inayosema yale maandishi ya chini ya video yawe na nini. Njia ninazoona ni mbili. Ama namwandikia kila kitu neno kwa neno yeye anakopi na kupesti, ama namtajia ya lazima halafu mengine anaandika kwa lugha yake maana watu wake wanamjua. Kesho asubuhi ananipitia dukani. Ipi inafaa?

binti_wa_Tukuyu: Ugonile mkuu. Umeacha yote ya maana. Video ya wapi, YouTube ndefu au Shorts au TikTok? Unauza nini? Na hela ushampa yote?

duka_Mwanjelwa: Ugonile dada, samahani. Ni YouTube ndefu kama dakika nane, halafu atakata kipande akiweke Shorts. Nauza mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa, lita 16, na spea zake. Nimempa nusu, nusu nyingine video ikishapanda.

mkata_video: Hiyo nusu iliyobaki ndio nguvu yako, usiitoe mpaka umesoma maelezo mwenyewe kwenye simu. Mimi kazi yangu ni kuhariri video, nakwambia tatizo sio nani anaandika, tatizo ni nini kinakaa juu. Maelezo ya YouTube yanabeba mpaka herufi 5,000 lakini mtu akiwa kwenye simu yamefungwa, anaona kidogo sana mpaka agonge. Vijana wengi juu wanaweka "karibuni tena ndugu zangu usisahau kusabskraibu" halafu namba ya duka iko chini kabisa baada ya linki zao zote. Mkulima wa Isyonje anayebana bando hafiki huko. Kwa hiyo mistari miwili ya kwanza andika wewe neno kwa neno, chini muache ajimwage.

Mtu_wa_Mbalizi: Naunga mkono ila msimwambie aandike ni tangazo, watu wakiona neno tangazo wanakimbia. Kuna kile kiboksi cha kutiki wakati wa kupandisha video kwamba ina promosheni ya kulipiwa, kinatosha kabisa.

mkata_video: Nusu uko sawa. Kutiki ni lazima na YouTube wenyewe wanadai. Ila ule ujumbe unaomtokea mtazamaji unakaa sekunde kama 10 mwanzoni tu. Anayefungua maelezo baadaye kutafuta namba hauoni. Sentensi moja tu, "Video hii imelipiwa na duka", haimfukuzi mteja. Kinachomfukuza ni kuja kugundua mwenyewe kwamba yule aliyekuwa anasifia bomba alilipwa.

Mtu_wa_Mbalizi: Sawa, mimi bado nasema wanakimbia.

mama_majiko_Iringa: Kamwene. Mimi nakuomba kitu kimoja, usiweke bei. Nauza majiko banifu huku Iringa, kijana aliniandikia vizuri tu, "ofa, elfu 38 badala ya elfu 45, wahi sasa". Nikafurahi, wiki ile nikauza mpaka stoo ikaisha. Sasa "wahi sasa" haina tarehe jamani. Miezi tisa baadaye, mkaa umepanda, vyuma vimepanda, jiko nauza 52, anaingia baba mmoja katoka Mafinga na nauli yake, ananionyesha skrinshoti ya elfu 38. Nikamwambia baba hiyo ya zamani, akasema video ameiona jana usiku na jana sio zamani. Wateja wengine wamesimama wanasikiliza. Nikampa kwa 38 huku roho inaniuma. Kumpigia kijana afute, simu haipatikani, kumbe kahamia Dar na laini kabadilisha. Maelezo yale anayeweza kuyabadilisha ni mwenye chaneli peke yake, mimi ninayelipa sina pa kushika. Mpaka leo ile video ipo na bado inaniletea watu wa elfu 38.

binti_wa_Tukuyu: Pole mama. Ila bila bei mtu wa Tukuyu hapandi kosta kuja Mwanjelwa kuuliza. Bei iwepo, na tarehe ya mwisho iwe pembeni yake, mstari huo huo.

mama_majiko_Iringa: Tarehe hawasomi binti yangu. Wanasoma namba.

mkata_video: Mnaweza kupatana. Bei isikae kwenye maelezo, ikae WhatsApp, halafu maelezo yampeleke huko kwa kugonga mara moja. Linki iandikwe hivi:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nimeona%20video%20ya%20bomba
```

Angalia vitu viwili. Namba inaanza na 255 moja kwa moja, hakuna 0 wala alama ya kujumlisha, ukiweka 07 haifunguki. Na hayo maneno ya mwisho yanajiandika yenyewe kwenye meseji ya mteja, kwa hiyo ukihesabu meseji za "Nimeona video ya bomba" unajua hela yako ilileta watu wangapi. Barua ningeiandika hivi:

"Mistari miwili ya kwanza iwe hii bila kubadilishwa: *Video hii imelipiwa na duka letu, Mwanjelwa, Mbeya. Bei ya leo na spea, gonga hapa:* halafu linki. Chini yake andika kwa maneno yako, ila usiseme bomba halivuji wala halifi, sema warranti ni ya miezi mitatu kwa pampu tu, mpira na nozeli hazimo. Nikikuomba ubadilishe maelezo, ubadilishe ndani ya siku mbili, hata kama umehama."

Halafu aijaribu linki mbele yako kabla hujamlipa. Chaneli nyingine hazijafunguliwa ruhusa ya linki za nje, inabaki maandishi tu, haigongeki.

duka_Mwanjelwa: Hapo kwenye warranti umenigusa, mwaka jana kuna mtu alinirudishia nozeli amezibua kwa msumari. Na kwenye Shorts niweke linki hiyo hiyo?

mkata_video: Tangu mwishoni mwa Agosti 2023 linki kwenye maelezo ya Shorts hazigongeki. Pale mwambie aandike namba ya kawaida ya kupiga, 07, na aunganishe Shorts na ile video ndefu.

kijana_hashtegi: Mmesahau hashtegi. Ajaze hashtegi kama 80, Mbeya, Njombe, Songwe, kilimo, viazi, parachichi, ndio video inafika mbali.

mkata_video: Zikizidi 60 YouTube wanazipuuza zote. Tatu zinatosha.

kijana_hashtegi: Mimi mbona naweka nyingi na nafika views elfu?

Mtu_wa_Mbalizi: Views elfu ndugu zako wote.

mjumbe_Uyole: Barua ya karatasi haina nguvu bila muhuri wa serikali ya mtaa, mpeleke kwa mwenyekiti asaini.

binti_wa_Tukuyu: Mwenyekiti atasaini nini, linki? Asaini kijana, mmoja abaki na kopi, basi.

duka_Mwanjelwa: Apdeti. Kijana kapita asubuhi, kasoma barua. Mistari miwili ya juu amekubali, siku mbili za kubadilisha amekubali. Ila amekataa mstari wa kwanza uanze na "imelipiwa", anataka uanze na jina la chaneli yake. Linki amejaribu kwenye video ya zamani, haikugongeka, anasema anashughulikia uthibitisho. Nusu yake bado nimeishika.

mama_majiko_Iringa: Ishike hivyo hivyo.

mkulima_Uporoto: Samahani nimechelewa kusoma, hilo bomba la lita 16 ni bei gani?